Mistari Miwili ya Mwisho

"Sekunde arobaini na moja," Iqra alisema, akizima saa ya simu yake. "Na wimbo unauimba mara tatu. Dakika mbili zimeisha, Nyibol, na simba wako bado yuko nje ya mlango."

Ilikuwa siku ya tatu wamejifungia katika chumba hicho cha kukodi kwenye nyumba ya wageni ya Nawoitorong, feni ikiwazungushia joto lilelile la Lodwar. Ukutani kulibandikwa vipande vya karatasi ya njano, kila kimoja na tukio lake moja. Sheria ya Iqra, aliyesimamia katuni yao, ilikuwa nyepesi kuisema, ngumu kuifuata: kadi isiyochoreka si kadi. Huwezi kuandika "mama alihuzunika" ukaiita kazi. Mchoraji atachora nini? Ataichora huzuni ikikaa kwenye kigoda?

Nyibol alikuja kutoka kambi ya wakimbizi ya Kakuma na kurasa ishirini na tatu, hadithi ya mama yake Amou neno kwa neno. Zilitakiwa kumi. Ukurasa mmoja ni dakika moja ya katuni, na kati ya dakika hizo kumi, nusu dakika inaliwa na jina mwanzoni na majina ya watu mwishoni. Siku ya kwanza alikata akiumia kama mtu anayechinja kuku aliyemfuga mwenyewe. Siku ya pili alianza kuona. Pale Amou aliposema, "Simba alikuwa na njaa ya siku saba na moyo wake ulijaa hila," Nyibol aliandika: *Simba analamba mfupa mkavu. Anautupa. Anageuka. Mbali, moshi wa jiko.* Pale mama wa hadithini alipotoa nasaha ya nusu ukurasa kabla ya kwenda kuni, zilibaki picha moja na maneno mawili. *Mama anaushika mkono wa mtoto, anauweka juu ya komeo.* MAMA: *Wimbo kwanza.*

"Hiyo ndiyo!" Iqra alipiga kelele siku hiyo, akafunika maneno kwa kiganja. "Ona, hata nikizima sauti naelewa."

Lakini wimbo ulikuwa kitu kingine. Mama wa hadithini akirudi na kuni anauimba mlangoni, ndipo mtoto afungue. Simba anausikia, anajaribu kwa sauti nzito, mtoto anacheka. Simba anameza jiwe la moto, moshi unamtoka puani, anajaribu tena. Mara ya tatu sauti yake imekuwa laini, mtoto anafungua, anamezwa. Mama anarudi, anamkata simba kidole kidogo cha mguu, na mtoto anatokea hapo mzima.

"Una mistari minne," Iqra alisema. "Tuache miwili. Mtoto wa darasa la pili ataelewa huu ni wimbo wa mlango. Hahitaji wote."

"Ukikata wimbo umekata miguu ya hadithi. Mama yangu atanitukana."

"Atukane. Dakika ni kumi, hatuwezi kuzivuta kama ngozi."

Nyibol akachukua kalamu akaichorachora mistari miwili ya mwisho mpaka haikusomeka. Ikabaki miwili ya kwanza tu, ambayo kwa Kiswahili ni kama hivi:

*Mwanangu, mwanangu, kamba ya ndama iko wapi?*
*Mwanangu, fungua, mvua imenikuta njiani.*

Jioni hiyo aliuimba mara kadhaa mbele ya simu, kwa Kijieng', lugha ya mama yake, mpaka zikapatikana sekunde kumi na tisa safi. Iqra aliibandika sauti hiyo chini ya michoro ya penseli, mchoro baada ya mchoro, ili waone hadithi inavyotembea kabla ya kutia rangi hata moja.

"Nitume kwa lile kundi la simu la wazazi wa Kakuma? Watuangalizie lugha na mila."

"Tuma," Nyibol alisema, akivua viatu kupumzisha miguu. Akaenda kulala akiwa ameridhika. Maskini, hakujua amejipalia makaa.

*

Asubuhi ya Alhamisi majibu yalikuwa mengi. Mzazi mmoja alisema nyumba ichorwe ya duara. Mwingine alisema ndama hafungwi hivyo. Nyibol alikuwa akiyasoma kwa sauti, akicheka, mpaka akafika kwenye namba isiyo na picha.

*Sauti yako bado tamu, mke wetu. Nimeihifadhi.*

Hakuna aliyemwita "mke wetu" Kakuma nzima isipokuwa mtu mmoja: Mading, kaka wa marehemu mumewe.

Mading alitokea mwezi mmoja uliopita, akitoka upande wa Bor, ng'ambo ya mpaka, mwenye viatu vyeusi vya kung'aa na maneno ya asali. Alisema Ayak, binti wa Nyibol, ni mtoto wa ukoo wao; ng'ombe wa mahari walitolewa, kila mtu anajua. Alisema huko nako kuna shule. Lakini mwanamke mmoja aliyekuja na lori lilelile alimnong'oneza Amou kwamba kuna mzee mwenye mifugo amekwisha kuoneshwa picha ya mtoto. Ayak ana miaka kumi na mmoja. Nyibol alikwenda ofisi ya kambi kushtaki. Walimwandika kwenye daftari, wakamwambia mambo ya familia huzungumzwa na familia, na aliyemwandikia hakuinua hata macho.

Basi Amou akatunga ulinzi wake mwenyewe. Shule zikiwa zimefungwa, na yeye akilazimika kutoka, Ayak hukaa ndani na komeo limeshuka. Mjomba aite, jirani aite, polisi aite, hafungui. Anafungua kwa kitu kimoja tu. Wimbo wa hadithi, ule ule, ambao nje ya nyumba ile hakuna aliyeujua kwa sababu ulikuwa wa mama wa Amou na wa mama yake kabla yake. Siri ya mtungi aijuaye kata. Na sasa kata yenyewe ilikuwa imeimwaga siri hiyo, kwa sauti yake, kwenye simu za watu themanini na tatu, pamoja na michoro ya mtoto akiusikia na kufungua mlango.

"Iqra," alisema. "Iqra, nimempa simba wimbo."

Iqra alidhani anazungumzia kadi ya sita. "Ndiyo, si tulikubaliana?"

"Si yule wa ukutani."

Ilimchukua dakika nzima kueleza, maneno yakimtoka kinyumenyume. Iqra alishika kichwa. Alikuwa ametuma yeye. Nani aliyemwingiza mtu huyo kwenye kundi? Hakuna, kulikuwa na kiungo, kila aliyejiita mzazi aliingia, na Mading alikuwa ameandika tu, "Mzazi wa Ayak."

"Ifute!"

"Naifuta. Lakini ameshasema ameihifadhi."

Nyibol alipiga simu ya Amou. Haipatikani. Akakumbuka kwamba leo ni siku ya mgao wa chakula. Mama yake ameshika foleni tangu alfajiri na simu kaiacha dukani kuchajiwa. Akampigia jirani yao, Ater. Iliita mpaka ikakata. Akapiga tena. Ater alipokea katikati ya kelele.

"Mimi niko foleni, dada! Sisi wote iko foleni! Mama yako iko mbele huko, kama watu mia mbili!"

"Nani yuko nyumbani?"

"Nyumbani? Hakuna mtu. Mtoto tu."

"Ater, toka, kimbia nyumbani kwangu..."

Simu ikakatika. Alipopiga tena, haikuita. Akakaa chini sakafuni, chini ya kadi zake za njano. Mbele yake, karatasi ya nane ilisema kwa mwandiko wake: *Mkono wa mtoto kwenye komeo. Komeo linapanda.*

*

Abshir, kaka yake Iqra, alikuwa na gari la mizigo lililokuwa lipeleke sukari na mafuta Kakuma saa nane. Liliondoka saa nne na robo. Mlinzi wa geti, mzee wa Kiturkana, aliwasalimia "Ejok!" na hakuna aliyemwitikia, jambo lililomshangaza sana.

"Lami iko poa, madam," Abshir alisema. "Saa moja na nusu hivi. Nikisukuma, chini ya hapo."

"Sukuma."

"Huyo jamaa ni mtu wa fujo?"

"Hapana. Ana heshima sana." Nyibol alijibu. Angekuwa mtu wa fujo majirani wangemjua. Angekuwa mlevi Ayak angemwogopa. Mading hakuinua sauti hata siku moja. Alileta biskuti.

Njia ilinyooka katikati ya miiba na mawe meusi. Ngamia wawili walisimama barabarani na Abshir akawapigia honi ndefu. Hawakujali, na Nyibol akajikuta akipiga dashibodi kwa kofi kama kichaa. Kwa siku tatu alikuwa amefundishwa kuona kila kitu kwa picha, sasa akashindwa kuacha. *Nje, mchana. Viatu vyeusi kwenye vumbi. Simu inatoka mfukoni. Ndani. Mtoto anainua kichwa.* Sauti ni ya mama yake, si ya kuigiza, haina haja ya jiwe la moto. Kwa nini asifungue? Hata yeye mwenyewe angefungua. Na simba huyu hana kidole cha kukatwa mtoto akatoka. Lori likishavuka mpaka, mtoto amekwenda.

Iqra, aliyebaki Lodwar, alipiga simu mara tatu. Mara ya tatu alikuwa akilia. "Nilitaka iwe fupi tu," alisema. "Nilitaka dakika kumi tu."

"Najua," Nyibol alijibu.

*

Alimwacha Abshir penye duka, gari lisingeweza kupita kichochoroni. Alikimbia. Mtaa ulikuwa mtupu, watu wote mgaoni, kuku tu na nguo kwenye kamba. Nyumba yao ya tofali za udongo ilikuwa pale pale, mlango wa mabati umefungwa.

Mbele ya mlango kulikuwa na alama za viatu. Si kandambili, si zile za matairi wanazovaa watu wa hapa. Soli ngumu yenye kisigino. Zimefika mlangoni, zimekanyagana, zimezunguka mpaka dirisha la nyuma, zimerudi mlangoni.

"Ayak!"

"Ayak, ni mimi! Fungua!"

Hakuna kilichosogea ndani. Bila shaka, mtoto alifundishwa asifungue kwa kuitwa. Akashika mabati kwa viganja vyote viwili, yanaunguza, akaimba. Alianza *Mwanangu, mwanangu, kamba ya ndama iko wapi*, akaenda mpaka kwenye mvua iliyomkuta njiani. Akasubiri.

Mlango haukufunguka.

Akaimba tena. Akasubiri. Jasho lilimwingia machoni. Basi hayumo, aliwaza. Amekwisha kuchukuliwa, na mlango umerudishwa ili watu wasijue. Akaimba mara ya tatu kwa kilio, akipiga mabati kwa ngumi.

"Hata mimi nimejaribu," sauti ilisema nyuma yake. "Mtoto ana kichwa kigumu. Kamshinda baba yake."

Mading alikuwa ameketi kwenye kivuli cha ukuta wa nyumba ya pili, mguu juu ya mguu, kitambaa mkononi akipangusa vumbi kwenye kiatu. Alisimama kwa heshima, kama mtu aliyefikiwa na mgeni.

"Umesafiri, mke wetu. Karibu. Nilikuja kumsalimia binti yetu tu."

"Kwa kutumia sauti yangu?"

"Alikataa yangu." Alitabasamu. "Sasa fungua wewe, tuzungumze ndani kama watu. Majirani wakirudi watukute tunabishana barabarani kwa nini? Utajiaibisha."

Hapo ndipo Nyibol alipoelewa kwamba mtoto yumo. Kama asingekuwemo, Mading angekuwa bado anasubiri nini? Ayak yumo ndani, amesikia sauti ya mama yake kutoka simuni na amekataa, na sasa amesikia sauti ya mama yake mwenyewe na amekataa vilevile. Kwa nini?

Kisha akakumbuka kalamu yake. Jioni nzima ya jana aliuimba wimbo mfupi, tena na tena, mpaka ulimi wake ukauzoea. Aliyoimba mlangoni hapa ilikuwa mistari miwili. Sekunde kumi na tisa safi. Alikuwa amesimama kwenye mlango wake mwenyewe akiimba wimbo wa simba.

Aligeuka. Mading alisogea hatua moja, kichwa ameinamisha, sikio mbele. Simu ilikuwa mkononi.

Nyibol hakuimba. Alipiga magoti kwenye vumbi, akatafuta ule ufa ulio karibu na bawaba, ambapo bati limekunjika, akaweka midomo yake pale mpaka akaonja kutu. Akafunika pande zote mbili kwa viganja. Mistari miwili ya mwisho aliitia ndani kwa pumzi tu, kama mtu anayepuliza moto.

Komeo lilipanda.

Aliingia kwa upenyo wa mwili mmoja, akashusha komeo nyuma yake. Ayak alikuwa amejibanza kando ya mlango, mchi wa kutwangia mikononi, uso umekauka chumvi ya machozi. Walikumbatiana. Nje, viatu vilisimama kwa muda.

"Nitarudi na wazee," Mading alisema, bado kwa upole. "Huwezi kumfungia mtoto wa watu maisha yake yote."

Kisha wakamsikia anaondoka.

"Nilijua ni sauti yako," Ayak alisema baadaye. "Nilitaka kufungua, mama. Mkono ulikuwa hapa. Lakini wimbo uliishia njiani. Nikasema nisubiri uishe. Haukuisha, ukaanza upya. Nyanya alisema simba anasikiliza mpaka pale anapodhani ametosha, halafu anakimbia kwenda kujaribu."

"Na mimi nilipoimba?"

"Na wewe uliishia palepale." Mtoto akamtazama kwa macho makavu. "Nilidhani amekumeza."

*

Amou alirudi saa tisa na kilo zake za mtama kichwani, akakuta majirani wamejaa mlangoni na Ater akijilaumu kwa sauti. Alisikiliza mkasa wote bila kukaa. Alipomaliza kusikiliza alimpiga Nyibol kofi moja la mgongoni, la mama kwa mtoto, kisha akamshika mikono.

"Nilikwambia usikate wimbo."

"Ulioniokoa ni huo mkato, mama."

"Si mkato. Ni huyu," Amou alisema, akimwonesha Ayak kwa kidevu. "Wewe ulisahau. Yeye hakusahau." Kisha akaenda kuwasha moto, kwa sababu watu walikuwa na njaa. Usiku ule wanawake wanane wa mtaa walikubaliana kwamba siku za mgao mmoja wao atabaki, kwa zamu, na wengine watamchukulia chake. Hakuna aliyesema hofu imekwisha. Wazee wa Mading wangekuja, leo au kesho, na wangekaribishwa viti.

Jumamosi Iqra alikuja Kakuma mwenyewe, na kadi zake kwenye mfuko wa plastiki. Alikaa kwenye mkeka, hakujua aanzie wapi kuomba msamaha, akaanzia kwenye kazi.

"Nimefikiria. Tunarudisha mistari yako miwili. Nitatafuta hizo sekunde mahali pengine, hata nikikata kadi ya ngamia wa mwanzoni."

"Hapana," Nyibol alisema. "Ibaki nje."

"Lakini mtoto wa kwenye katuni atamjuaje mama yake, kama wote wawili wanaimba nusu?"

Nyibol alichukua kadi tupu. Aliandika polepole, kwa wakati uliopo kama alivyofundishwa, kitu kimoja kwa kila mstari. *Mama anaimba. Simba kichakani, masikio juu. Mama ananyamaza. Anapiga magoti. Anaweka midomo kwenye ufa wa mlango, viganja pande mbili. Hatusikii kitu. Ndani: uso wa mtoto. Mtoto anatabasamu. Komeo linapanda.* Akachukua nyingine. *Simba mlangoni. Anaimba vizuri, laini. Ananyamaza. Ndani: mkono wa mtoto kwenye komeo. Mtoto anasubiri. Simba anaanza upya. Mkono unashuka.* Kisha akatoa kadi mbili za tumbo la simba na ile ya kidole, akazirarua.

Iqra alifunika chini ya kadi kwa kiganja, kwa mazoea, ingawa hapakuwa na maneno ya mhusika ya kufunika. Alizisoma mara mbili. Alitoa simu akazipima kadi zote, akiigiza kila tendo kwa mkono wake mwenyewe pale mkekani.

"Dakika tisa na sekunde ishirini," alisema. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Nyibol, hii inatisha kuliko kumezwa."

"Najua."

"Na mistari hiyo anayonong'ona mama mlangoni, mwigizaji wa sauti tumwandikie aseme nini?"

"Asiseme chochote. Apumue."

Kwa hiyo mistari ile miwili haimo kwenye katuni. Haimo humu pia. Ayak aliitikia kwa kichwa alipoelezwa, akasimama, akaenda kushusha komeo, kwa sababu nyanya yake alikuwa ametoka kwenda kisimani na bado hajarudi, na akirudi angeimba.